Nimehitimu Ujerumani na 1.7, mwajiri anadhani nimefeli. Shahada ya nje mnamwelezaje mtu asiyekijua chuo?

#1 Mkwezi
Wakuu, salaam. Nina shahada ya kwanza ya uhandisi mitambo kutoka Hochschule ya serikali, yaani chuo cha sayansi tumizi, huko Ujerumani. Mihula 7, mmoja wapo nikiwa kiwandani. Wastani wangu wa mwisho ni 1.7. Kule 1.0 ndiyo juu kabisa, 4.0 ndiyo mwisho wa kufaulu na 5.0 umefeli. Kwa hiyo 1.7 ni matokeo mazuri na niliyatolea jasho.

Juzi afisa rasilimali watu wa kampuni moja kanipigia simu. Kasema mradi wangu wa pampu wameupenda, "lakini mbona umehitimu na 1.7?" Nikamweleza kuwa kipimo chao kinaanzia juu kushuka chini. Akasema sawa, ila kwa sauti ya mtu ambaye hajaridhika. Kisha akauliza mbona chuo chenyewe hakipo kwenye orodha za vyuo bora duniani.

Nimeitwa usaili. Watakuwa watu watatu na hakuna aliyesoma huko. Nawaelezaje hii shahada wakanielewa, bila kuonekana kama najitetea?

#2 Shemeji_Namba
Mkuu hilo dogo sana. Toa kwenye 5. Yaani 5 − 1.7 = 3.3. Andika GPA 3.3 kwa kipimo cha 4 na maisha yaendelee. Watu wengi wanafanya hivyo.

#3 Gogo la Mvule
Hongera mkuu. Hivi kupata nafasi Ujerumani ni lazima ujue Kijerumani kwanza au unaenda kujifunzia huko? Na akaunti ya benki wanataka iwe na kiasi gani?

#4 Mkwezi
@Gogo la Mvule hiyo ni mada nyingine kaka, fungua uzi wake nitakuja kujibu. Mimi nishamaliza, natafuta kazi.

#5 Kipimo
@Shemeji_Namba hiyo njia nusu ina ukweli, nusu inamuumiza. Kwa alama za juu inakaribia kukubalika: 1.0 inakuwa 4.0. Shuka chini uone. Mtu aliyefaulu kwa 4.0 ya Ujerumani anakuwa na 1.0, na sehemu nyingi zinazotumia kipimo cha 4, mtu wa 1.0 hahitimu kabisa, kwa sababu mstari wa kuhitimu ni 2.0. Yaani mtu kapewa shahada kihalali, wewe unamfelisha kwa kutoa. Kosa hilo linapanda na ngazi, kwa hiyo hata 1.7 inapunjwa.

Wajerumani wenyewe wana fomula, inaitwa ya Bavaria, wanayotumia kubadili alama za wageni wanaokwenda kusoma kwao:

```
x = 1 + 3 × (Nmax − Nd) / (Nmax − Nmin)
```

Nmax ni alama ya juu kabisa ya kipimo cha mgeni, Nmin ni alama ya chini ya kufaulu, Nd ni alama aliyopata. Mkwezi anahitaji kuigeuza, kutoka Ujerumani kuja kwa mwajiri. Tuseme mwajiri anajua kipimo cha 5.0 ambapo kufaulu kunaanzia 2.0:

```
Nd = Nmax − (x − 1) / 3 × (Nmax − Nmin)
5.0 − (0.7 / 3) × 3.0 = 4.3
```

Kwa kipimo cha 4.0 chenye kufaulu 2.0 inatoka 3.53. Linganisha na 3.3 ya Shemeji uone alichokatwa.

#6 Shemeji_Namba
@Kipimo nimekuelewa, ila mbona sasa tuna majibu mawili ya alama moja? Mwajiri akiuliza lipi la kweli?

#7 Karani Mstaafu
Nimekaa upande wa kuajiri miaka mingi, niongee kutoka meza ile.

Swali la Shemeji ndilo lenyewe. Hakuna jibu la kweli hapo, kuna makadirio. Ndiyo maana nasema usiandike 3.3 wala 3.53 wala 4.3 mahali pa alama kwenye wasifu. Andika alama iliyo kwenye cheti. Nikishika wasifu unaosema 3.5 halafu cheti kinasema 1.7, siwazi habari za fomula. Nawaza kwamba mtu huyu kabadilisha namba, na faili linakwenda pembeni. Anayepitia mafaili kwa mara ya kwanza hana muda wa kukupigia uelezee, na huyo wa Mkwezi aliyepiga simu ni wa kushukuriwa.

Unachotakiwa ni kuiandika alama pamoja na kipimo chake katika mstari mmoja. Hivi:

"Wastani wa mwisho: 1.7 (kipimo cha Ujerumani: 1.0 ya juu kabisa, 4.0 ya mwisho ya kufaulu)"

Basi. Msomaji hana pa kukosea.

#8 Binti Mapwani
Namuunga mkono Karani. Mimi nilisoma Italia. Kule kila mtihani ni kati ya 30, unafaulu kuanzia 18, na shahada nzima inapewa alama kati ya 110. Mimi nina 102. Mwajiri wa kwanza alidhani ni 102 kwa mia akaniuliza kama ni kosa la uchapaji. Wa pili aliangalia transkripti, akaona 24, 25, 27, akazisoma kama asilimia. Nilikaa mbele yake anazungusha duara la wino mwekundu kwenye kila mtihani, mmoja baada ya mwingine, kisha akanigeuzia karatasi.

Baada ya hapo nikawa naambatisha ukurasa mmoja juu ya transkripti: chuo ni cha aina gani, kipimo ni kipi, wapi wanaweza kuhakiki. Sijaona tena kalamu nyekundu.

#9 Mdau wa Idhibati
Mnazunguka sana. Nchi nyingi zina mamlaka inayotambua vyeti vya nje. Peleka huko, utapewa barua ya ulinganifu, mwajiri akiona muhuri anafunga mdomo. Mada imeisha.

#10 Kipimo
@Mdau wa Idhibati barua hiyo aipate, tena mapema, maana inaweza kuchukua muda na waajiri wengine hawaendelei bila hiyo. Ila mada haijaisha. Barua nyingi za namna hiyo zinasema kitu kimoja: shahada hii ni ya ngazi sawa na shahada ya kwanza ya hapa. Zinataja ngazi. Nyingi hazisemi kama 1.7 ni nzuri au mbaya, wala hazisemi kama chuo kina sifa kuliko kingine. Na hayo mawili ndiyo aliyoulizwa kwenye simu.

@Mkwezi, ulipohitimu ulipewa karatasi nyingine pamoja na cheti, yenye kichwa Diploma Supplement?

#11 Mkwezi
Ndiyo, ninayo ya Kijerumani na ya Kiingereza. Kusema kweli sijawahi kuiambatisha popote, nilidhani ni ya ofisi.

#12 Kipimo
Hiyo ndiyo silaha yako, na wengi wanaiacha kabatini. Ilibuniwa na Kamisheni ya Ulaya, Baraza la Ulaya na UNESCO kwa shida hii hii ya mtu kushika cheti cha mfumo asioujua. Ina sehemu 8 na mpangilio ni uleule, iwe imetoka Ujerumani, Ureno au Polandi.

Fungua sehemu ya 4, kifungu cha 4.4. Hapo chuo chenyewe kinaeleza kipimo cha alama. Kwa Ujerumani kwa kawaida utakuta 1.0 hadi 1.5 ni bora sana, 1.6 hadi 2.5 ni nzuri, 2.6 hadi 3.5 ni ya kuridhisha, 3.6 hadi 4.0 inatosha kufaulu. Kisha sehemu ya 8 inaeleza mfumo mzima wa elimu ya juu wa nchi, pamoja na mchoro unaoonyesha Hochschule inakaa wapi.

Sasa angalia kama 4.4 yako, au karatasi iliyobanwa nyuma yake, ina jedwali la mgawanyo wa alama: ni asilimia ngapi ya wahitimu walipata alama gani. Si vyuo vyote vinaliweka. Ukilikuta, utaniambia.

#13 Mkwezi
Mkuu ninalo! Liko ukurasa wa mwisho, ni la wahitimu wa programu yangu kwa miaka kadhaa. Nikijumlisha kuanzia juu hadi 1.7 inakuja asilimia 24.

#14 Kipimo
Basi tupa fomula zote. Sentensi yako kwa paneli ni hii: "Nilihitimu na 1.7, na kwa jedwali la chuo, karibu robo tu ya wahitimu wa programu hii walipata alama hiyo au bora zaidi." Mwajiri wa popote anaelewa robo ya juu. Na hukuibadilisha namba, umeonyesha ilipokaa miongoni mwa wenzako. Karatasi iwe mezani, kidole kwenye mstari.

#15 Shemeji_Namba
Hapo nimenyoosha mikono. Lakini asiyekuwa na jedwali afanye nini? Na kuna zile fomu za mtandaoni zenye kisanduku cha "GPA kati ya 5" kinachokataa usipojaza. Ukijaza 1.7 mashine inakuondoa kabla binadamu hajakuona. Hapo Karani atasema tuache wazi?

#16 Karani Mstaafu
@Shemeji_Namba hoja nzuri hiyo. Fomu ya namna hiyo jaza makadirio, lakini kila palipo na nafasi ya maelezo andika: "4.3 ni makadirio kwa fomula ya Bavaria iliyogeuzwa. Alama rasmi ni 1.7 kwa kipimo cha Ujerumani." Ukikuta hakuna nafasi ya maelezo, andika kwenye barua ya maombi. Siku ya kuhakiki vyeti maelezo yako yawe tayari yapo kwenye faili.

#17 Mtu wa Turbini
Siafiki kujaza 4.3. Fomula hiyo inanyoosha kila kipimo kama rula, na vipimo havijanyooka. Jaribuni kwa asilimia, kufaulu kukiwa 50:

```
100 − (0.7 / 3) × 50 = 88.3
```

Kuna mifumo, ule wa Uingereza mmojawapo, ambapo 70 tayari ni daraja la kwanza na 88 ni ya kuhesabu kwa vidole. Ukimwambia mwajiri aliyekulia mfumo huo kwamba una 88, ama hakuamini ama anatarajia maajabu. Mimi ningejaza ya chini, 3.3 ya Shemeji ikipandishwa kwenye kipimo cha 5, nikajulikana kwa uangalifu.

#18 Kipimo
@Mtu wa Turbini kuhusu asilimia uko sahihi kabisa, fomula haijui alama zinavyogawanywa darasani. Ila kuchagua ya chini kwa makusudi nako ni kujikata. Mashine haitoi zawadi ya uangalifu.

#19 Mtu wa Turbini
Tutakubaliana kutokubaliana.

#20 Nyota_Jaa
Tumesahau swali la pili. Chuo hakipo kwenye orodha za vyuo bora. Mkuu Mkwezi mwambie aingie anabin, hifadhidata ya Wajerumani, atafute chuo chako. Kikiwa na H+ ni halali, H− ni feki.

#21 Kipimo
@Nyota_Jaa alama hizo umezieleza karibu sawa, ila mlango umekosea. Anabin wameitengeneza Wajerumani ili kupima vyuo vya nchi nyingine. H+ maana yake chuo kinatambuliwa kama taasisi ya elimu ya juu, H− hakitambuliwi hivyo, na hiyo haimaanishi feki kila mara, kinaweza kuwa chuo cha ufundi tu. Binti Mapwani wa Italia ingemfaa. Kwa chuo cha Ujerumani chenyewe, mwajiri aangalie Hochschulkompass, inayoendeshwa na umoja wa wakuu wa vyuo vya huko. Kwa nchi yoyote kuna WHED, ya jumuiya ya kimataifa ya vyuo vikuu inayofanya kazi na UNESCO.

Kitu kidogo kinachoangusha watu: jina. Vyuo vingi vya aina hii vimebadili majina. Cheti kinasema Fachhochschule, hifadhidata inasema Hochschule au Technische Hochschule. Mwajiri anaandika jina la kwenye cheti, halioni, anahitimisha kwamba chuo hakipo. Kwenye ukurasa wako mmoja weka jina la zamani, jina la sasa na mji.

#22 Binti Mapwani
Na asiandike Hochschule peke yake. Anayesoma kwa macho ya Kiingereza anaona sekondari. Jina la Kiingereza ambalo vyuo hivyo vinatumia rasmi ni University of Applied Sciences, na liko kwenye Diploma Supplement. Aandike hilo hilo, asijitafsirie.

#23 Mkwezi
Aisee. Sasa naelewa kwa nini alikitilia shaka chuo chenyewe.

#24 Gogo la Mvule
Kwa hiyo hakipo kwenye orodha kwa sababu si chuo kikuu kamili? Tuseme ukweli jamani, kama ni kizuri si kingekuwepo?

#25 Mtu wa Turbini
@Gogo la Mvule swali lako gumu lakini paneli italiuliza hivyo hivyo, kwa hiyo lijibiwe kwa heshima.

Orodha zile kubwa zinapima zaidi utafiti: machapisho, machapisho hayo yananukuliwa mara ngapi, sifa miongoni mwa wasomi. Vyuo vya sayansi tumizi vya Ujerumani vilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 kwa kazi nyingine, ya kufundisha watu wa viwandani. Kwa muda mrefu havikuwa na haki ya kutoa shahada ya uzamivu. Hessen lilikuwa jimbo la kwanza kukipa chuo cha aina hiyo haki hiyo, mwaka 2016. Chuo kisicho na wanafunzi wa uzamivu kitatoa machapisho machache, na orodha haitakiona. Profesa wa huko kwa kawaida anatakiwa awe amefanya kazi nje ya chuo kabla ya kuajiriwa, jambo ambalo orodha hizo hazina pa kulihesabia.

Kwa hiyo asiseme "orodha ni za uongo". Aseme: "Chuo changu hakishindani kwenye utafiti, kinafundisha wahandisi wa viwanda. Muhula mzima nilikuwa kiwandani na una alama kwenye transkripti." Kisha aende kwenye pampu. Mimi nikikaa kwenye paneli, baada ya dakika 5 za chuo nataka kusikia pampu ilikuwa inavuja wapi.

#26 Mkwezi
Ilikuwa muhuri wa shafti. Tatizo halikuwa muhuri wenyewe, pampu ilikuwa inafanya kazi mbali na eneo lake zuri, shafti inapinda kidogo, muhuri unakwisha upande mmoja. Nilipima mtikisiko kabla na baada ya kurekebisha mtiririko.

#27 Mtu wa Turbini
Hapo umeajiriwa kwangu. Anza na hilo.

#28 Karani Mstaafu
Asianze na hilo. Mhandisi mwenzako atafurahi, lakini kwenye hao watatu mmoja ni wa rasilimali watu na ndiye mwenye shaka. Shaka ya cheti isipoondolewa mwanzo, ataisikiliza pampu yote akiwaza 1.7. Dakika 2 za kwanza: chuo cha serikali, hapa pa kuhakiki, robo ya juu. Baada ya hapo pampu.

Jambo lingine ambalo wengi halijawapata. Kampuni makini itamwandikia chuo barua pepe kuuliza kama kweli ulihitimu. Vyuo vya Ulaya vinafungwa na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 2018, na kwa kawaida havitoi taarifa zako bila ridhaa yako. Mwajiri anakaa wiki hajibiwi, au anajibiwa kwamba hawawezi kusema lolote, naye anaelewa vibaya. Andaa barua ya ridhaa uliyoisaini, yenye jina lako kama lilivyo kwenye cheti, namba ya usajili ya mwanafunzi na mwaka wa kuhitimu. Mwajiri aiambatishe. Na anwani ya ofisi ya mitihani aichukue mwenyewe kwenye tovuti ya chuo. Nikipewa anwani na mwombaji huwa naitafuta upya.

#29 Mdau wa Idhibati
Hii ya ridhaa sikuijua, shukrani mzee. Lakini bado narudi palepale: kuna bodi za kitaaluma. Shahada yake ni miaka 3 na nusu. Bodi ikidai miaka 4 ya uhandisi, robo ya juu haitamsaidia.

#30 Kipimo
Hapo Mdau ana hoja. Kuajiriwa ni jambo moja, kusajiliwa kama mhandisi ni jingine. Ana alama 210 za ECTS, mfumo wa Ulaya wa kuhesabu kazi ya masomo, na Ujerumani kwa kawaida kila moja inahesabiwa saa 30, yaani saa 6,300 za kazi. Baadhi ya bodi zitaangalia saa, nyingine zitaangalia miaka tu. Aulize bodi yenyewe kabla mwajiri hajamuuliza.

#31 Mkwezi
Wakuu, mrejesho. Nimetoka usaili. Nilifuata mpangilio wa Karani, ukurasa mmoja juu, Diploma Supplement chini yake. Yule wa rasilimali watu alisoma jedwali mwenyewe, akaandika "24%" pembeni ya wasifu wangu na kuzungushia duara. Pampu iliulizwa sana. Suala la miaka 3 na nusu liliulizwa na meneja wa ufundi, na hapo sikuwa na jibu zaidi ya saa 6,300. Wamechukua barua ya ridhaa, wanawaandikia chuo. Nasubiri.

#32 Binti Mapwani
Kila la heri kaka.

#33 Mzamia Lulu
Nimechelewa. Mimi nina diploma ya Urusi, alama zote ni 5 na 4, na ina jalada jekundu. Mwajiri kasema wastani wa 4.8 kati ya 100 haiwezekani. Jalada jekundu lina maana yoyote kwake?

#34 Kipimo
Lina maana ukiisema. Urusi 5 ni ya juu, 3 ni ya mwisho kufaulu. Jalada jekundu halitolewi kwa mwenye 3 hata moja, na angalau asilimia 75 ya alama lazima ziwe 5. Andika sharti hilo chini ya 4.8 yako. Halafu tuambie, ni shahada ya kwanza au ile ya miaka 5 ya utaalamu? Maana hiyo ya miaka 5 ina kesi yake.

#35 Mzamia Lulu
Ya miaka 5 mkuu. Hapo ndipo walipochanganyikiwa zaidi, mmoja anasema ni ya kwanza, mwingine anasema ni ya uzamili.